Kona ya Kuchapa, Kuprinti na Fotokopi: Hesabu Inaanzia kwenye Karatasi Moja

Wengi wanaofungua kona ya steshenari huanza na swali la mashine ipi wanunue. Swali la kwanza ni jingine: ukurasa mmoja unaotoka kwenye mashine utakugharimu shilingi ngapi kabla hujamtoza mteja? Ukilijua hilo, aina ya mashine, karatasi ya kununua na bei ya kubandika ukutani vinafuata vyenyewe. Bei zilizomo humu ni za kukadiria kwa shilingi za Tanzania, katika kiwango cha maduka ya jumla ya Kariakoo. Ukiwa mkoani ongeza nauli, na zikibadilika weka zako, maana njia ya hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Pata gharama ya ukurasa mmoja

Chukua rimu ya A4 ya shilingi 12,000. Ina karatasi 500, kwa hiyo karatasi moja ni shilingi 24. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gharama, na ndiyo sababu anayebembeleza bei ya tona huku ananunua rimu bila kuipima anahangaika na kidogo na kuacha kikubwa.

Inayofuata ni tona, yaani wino wa unga. Chupa ya tona ya C-EXV33, inayotumika kwenye mashine za Canon iR2520, imeandikiwa kurasa 14,600. Namba hiyo imepimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 6 tu ya karatasi, yaani maandishi ya kawaida yenye nafasi. Kopi ya kitambulisho yenye kivuli cheusi pembeni, au mtihani wa jiografia wenye picha na ramani, unakula zaidi ya hapo. Kwa tahadhari hesabu kurasa 10,000. Tona mbadala ya shilingi 50,000 ikigawanywa kwa 10,000 unapata shilingi 5 kwa ukurasa.

Kisha kuna uchakavu: dramu ambayo ni silinda inayobeba picha ya ukurasa, bledi ya kufutia dramu, roli za kuvutia karatasi na malipo ya fundi. Tenga shilingi 3 kwa kila ukurasa na uziweke kando kweli, usiziache kwenye maandishi tu. Dramu haichagui siku ya kuchoka, na mara nyingi huchoka wiki ya mitihani. Ongeza shilingi 1 ya umeme na nyingine 1 ya karatasi zinazoharibika. Jumla inakuwa shilingi 34.

Sasa unajua unachouza. Kopi ya shilingi 100 inakuachia 66, na kopi ya shilingi 50 inakuachia 16. Ukipunguza bei kwa nusu, faida haipungui kwa nusu, inabaki chini ya robo. Kabla ya kushindana na jirani aliyeandika "kopi 50", fahamu kwamba itabidi utoe zaidi ya kopi nne ili upate faida ambayo sasa unaipata kwa moja.

Hatua ya 2: Chagua mashine kulingana na wingi wa kazi

Kuna makundi matatu yanayoonekana kwenye kona za mjini, na kila moja lina mahali pake.

Kundi la kwanza ni printa ndogo za leza, mfano HP P1102. Ni rahisi, zinaanza kazi haraka na maandishi yake ni safi. Tatizo lake ni tona: katriji ya 85A imeandikiwa kurasa 1,600. Ukinunua mbadala kwa shilingi 25,000, kila ukurasa unabeba karibu shilingi 16 za tona peke yake. Weka na karatasi, umefika 40 kabla ya umeme na uchakavu. Wengi hujaza unga upya, na bei inashuka, lakini katriji ikijazwa mara kadhaa huanza kumwaga unga ndani na kurasa zinatoka na ukungu wa kijivu. Isitoshe, printa hii imetengenezewa kikomo cha kurasa 5,000 kwa mwezi. Ifanye ya akiba, isiwe ya kutegemea.

Kundi la pili ni printa za tangi la wino kama Epson L3250, ambayo pia inaskani na kutoa kopi. Huku kwetu inatumia wino namba 103. Chupa ya nyeusi imeandikiwa kurasa 4,500, na chupa tatu za rangi kwa pamoja kurasa 7,500. Chupa ikiwa shilingi 25,000, wino mweusi ni chini ya shilingi 6 kwa ukurasa, na ukurasa wa rangi wa kawaida hauzidi 16 kwa wino wote. Angalia neno "wa kawaida". Bango la harusi lililojaa rangi ukingo hadi ukingo linakula wino mara nyingi zaidi ya barua yenye nembo ndogo juu. Kwa hiyo usiwe na bei moja ya "kuprinti rangi". Weka mbili: maandishi yenye rangi kidogo, na ukurasa uliojaa picha.

Printa za tangi zina udhaifu wa aina mbili. Zinatoa kurasa kama 10 tu kwa dakika, na maandishi yake yakipata maji yanachuruzika. Barua ya kupeleka mahakamani au fomu itakayopita mikono mingi itoe kwa tona.

Kundi la tatu ni mashine kubwa ya fotokopi iliyotumika. Ndiyo inayobeba kona yenye kazi. Canon iR2520 inatoa kurasa 20 kwa dakika, na nyingi zina fida ya juu inayovuta kurasa zenyewe na uwezo wa kuprinti pande mbili. Nzuri iliyokaguliwa iweke kwenye bajeti kwa shilingi 1,500,000 hadi 2,500,000.

Kama ndiyo unaanza na hujui wateja watakuja wangapi, anza bila mashine kubwa: printa ya tangi 650,000, kompyuta ya mezani iliyotumika 450,000, UPS ya kompyuta 150,000, mashine ya laminesheni 120,000, meza na viti 150,000, boksi moja la rimu tano 60,000. Jumla 1,580,000 bila kodi ya fremu. Kurasa zikifika 200 hadi 300 kwa siku, foleni yenyewe itakuambia kwamba muda wa mashine kubwa umefika. Wakati huo ongeza na mashine ya kubaindi kwa spairo, karibu 180,000, na kisu cha kukatia karatasi, karibu 60,000.

Hatua ya 3: Kagua mashine iliyotumika kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea, kwa hiyo usifanye haraka. Nenda na rimu yako mwenyewe, flashi yenye faili la PDF, na fundi kama unaye.

Anza na kibandiko cha umeme nyuma ya mashine. Lazima kiseme 220-240V. Mashine zilizotoka Marekani au Japani huwa za volti 100 hadi 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kwetu inaungua siku hiyo hiyo. Transfoma ya kushusha umeme kwa mashine ya ukubwa huo ni ghali na nzito, afadhali uiache.

Soma kaunta. Kwenye Canon nyingi za iR kuna kitufe cha kaunta, ukikibonyeza unaona namba 101 ikifuatiwa na jumla ya kurasa zilizotoka. Kaunta ndogo si dhamana, kwa sababu mashine iliyokaa stoo miaka mingi roli zake za mpira hukauka na kuteleza hata kama haijafanya kazi.

Iache iwake nusu saa, kisha ipe kazi halisi. Toa kopi 50 mfululizo kwa fida ya juu, halafu 20 za pande mbili. Mashine mbovu huweza kutoa kurasa tano nzuri ikiwa baridi, ikaanza kukwamisha karatasi ikipata joto. Inua kifuniko cha kioo na utoe kopi bila kitu: ukurasa mweusi mzima utakaotoka uangalie kama una mistari myeupe au upande mmoja umefifia. Kisha toa kopi ya karatasi nyeupe tupu. Ikitoka na ukungu wa kijivu, dramu imechoka au tona ni mbaya.

La mwisho, na wengi hulisahau: iprinti kutoka kwenye kompyuta. Kuna mashine za zamani zilizouzwa zikiwa za kopi tu, hazina kadi ya kuprinti. Muuzaji akisema "hiyo ni waya tu", mwambie alete waya na aprinti mbele yako.

Hatua ya 4: Umeme na mahali pa kukaa

Sehemu inayochoma tona ishike kwenye karatasi, yaani fyuza, huvuta zaidi ya wati elfu moja inapopasha moto. Ndiyo maana UPS ndogo ya kompyuta hupiga kelele na kuzima ukichomeka mashine ya leza. UPS iwe ya kompyuta peke yake, ili umeme ukikatika uwahi kuhifadhi kazi ya mteja. Mashine kubwa ipe soketi yake yenyewe ukutani, yenye waya wa ethi unaofanya kazi, pamoja na kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na birika au pasi.

Iache na nafasi ya sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani ili ipumue na ili fundi afungue mlango wa nyuma. Usiiweke upande wa barabara ya vumbi wala jirani na jiko la chipsi. Mvuke wa mafuta hukaa kwenye kioo cha juu na vioo vya ndani, na kopi zinaanza kufifia bila sababu inayoonekana. Asubuhi deki kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie kavu mashine ikiwa wazi.

Hatua ya 5: Nunua karatasi kwa mizani

Rimu nyingi zinaandikwa gramu 80, yaani uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi, lakini si zote ni 80. Kuna njia ya kujua bila kufungua. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297, na ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi. Karatasi 500 ni kilo 2.5. Za gramu 70 zinafika kilo 2.2 hivi. Weka rimu kwenye mizani ya duka la jirani. Ikisoma kilo 2.2 huku imeandikwa 80, basi ama ni ya gramu 70, ama zimo karatasi pungufu, kama 440 badala ya 500. Vyovyote iwavyo hujapata ulicholipia.

Gramu 70 si mbaya kwa rasimu na kopi za upande mmoja. Kwa pande mbili maandishi ya nyuma huonekana mbele, na fida hupenda kuvuta mbili kwa pamoja. Rimu pungufu ndiyo mbaya zaidi: rimu ya shilingi 11,000 yenye karatasi 440 inakugharimu shilingi 25 kwa karatasi, zaidi ya ile ya 12,000 iliyotimia.

Unyevu unasababisha sehemu kubwa ya kukwama kwa karatasi, hasa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja ikipita kwenye joto, hugandana na kuvutwa mbilimbili, na tona haishiki vizuri. Rimu zikae juu ya rafu au ubao, si sakafuni wala kugusa ukuta. Fungua moja moja, na jioni karatasi zilizobaki kwenye trei zirudishe kwenye kanga lake la plastiki. Kabla ya kuziweka kwenye trei, zipepee kwa vidole kingo zote ili zitengane. Kama kanga lina mshale, unaonyesha upande wa kuprinti kwanza.

Hatua ya 6: Panga bei, na kazi ya jumla ihesabu peke yake

Shule ya jirani inaleta mtihani wa kurasa 6 kwa wanafunzi 120. Hizo ni kurasa 720. Ukitoa pande mbili zinatumika karatasi 360. Karatasi: 360 mara 24 ni 8,640. Tona: 720 mara 5 ni 3,600. Uchakavu: 720 mara 3 ni 2,160. Umeme 720. Weka 500 kwa zilizoharibika na pini. Jumla ni 15,620.

Mwalimu anaomba bei ya shilingi 40 kwa ukurasa. Analipa 28,800 na kwako inabaki 13,180 kwa kazi ya dakika 36 au zaidi za mashine, pamoja na kupanga na kubana. Inafaa. Kazi hiyo hiyo ukimtolea upande mmoja kwa 40, karatasi inapanda hadi 17,280 na faida inashuka chini ya 5,000. Kwa hiyo bei ya jumla itaje kwa masharti: "40 kwa pande mbili, 50 kwa upande mmoja." Shule ikitaka mamia mengi ya nakala za ukurasa mmoja, mwenye mashine ya rizo, ile inayotoa nakala nyingi kwa stensili, atakushinda bei, usijiumize kumfuata.

Kuchapa ni kazi ya muda, siyo ya karatasi. Ukurasa wa Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi ya mstari 1.5, una maneno kama 300. Mchapaji wa maneno 35 kwa dakika anautumia dakika tisa, na kwa kusoma mwandiko na kusahihisha zinafika kama 15. Ni kurasa nne kwa saa. Kwa shilingi 1,000 kwa ukurasa ni 4,000 kwa saa, na hapo hapana majedwali. Majedwali, hesabu na mwandiko usiosomeka uwe na bei ya juu, na useme kabla ya kuanza. Bei ya kuchapa itenge na ya kuprinti. Makosa yako sahihisha bure. Mteja akibadilisha maneno yake mwenyewe, hiyo ni kazi mpya. Mpe asome kwenye skrini kabla ya kuprinti, utaokoa karatasi.

Kazi nyingi siku hizi zinakuja kwa WhatsApp. Omba PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile ile, kurasa 10 zinaweza kuwa 12 na jedwali likakatika. Vyeti na vitambulisho vya watu vifute kwenye kompyuta mteja akishaondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata kona ndogo. Anayekuja "kurekebisha" jina kwenye cheti kilichoskaniwa, mrudishe.

Hatua ya 7: Soma dalili kabla ya kumwita fundi

Mstari mweusi ulionyooka ukionekana kwa kopi za fida ya juu tu, na ukiweka karatasi juu ya kioo kikubwa haupo, basi kosa ni doa kwenye ule ukanda mwembamba wa kioo pembeni. Mara nyingi ni wino wa kusahihishia au gundi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ni dakika moja, na kuna mafundi wanaolipwa kwa hilo.

Mstari ukionekana hata unapoprinti kutoka kwenye kompyuta, tatizo liko kwenye dramu au bledi yake. Doa linalojirudia kwa umbali ule ule linatokana na kitu cha mviringo: pima kwa rula. Kwenye HP P1102, marudio ya karibu sentimita 7.5 ni dramu, yaani katriji imekwisha, si printa.

Maandishi yakifutika ukipitisha kidole, joto la kuchomea halitoshi. Angalia kwanza karatasi kama ina unyevu, kisha kama umeweka karatasi nene huku mashine inadhani ni ya kawaida, kisha umeme kama ni mdogo. Vyote vikiwa sawa, hapo ndipo fyuza.

Karatasi ikikwama, ivute polepole kwa mikono miwili kuelekea inakokwenda. Ikichanika, iunganishe mezani uone kama imetimia, kwa sababu kipande kidogo kama ukucha kikibaki ndani kitakwamisha kila inayofuata.

Printa ya tangi isikae siku nyingi bila kuprinti rangi, vichwa vitakauka. Toa ukurasa mmoja wa rangi kila siku mbili au tatu. Usibonyeze usafishaji wa vichwa kila mara, kwani kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji ya ndani, na sponji ikijaa printa inagoma kabisa hadi fundi aibadilishe na kurudisha hesabu yake.

Hatua ya 8: Kaunta asubuhi, kaunta jioni

Andika kaunta ya mashine unapofungua na unapofunga. Tuseme asubuhi ilisoma 148,210 na jioni 148,655. Zimetoka kurasa 445. Daftari la mauzo linaonyesha 430. Zile 15 lazima ziwe kwenye boksi la zilizoharibika. Zikiwa humo, sawa. Zikiwa 3 tu, kuna kopi 12 zilizotoka bila kuandikwa. Kumbuka kwamba karatasi ya pande mbili inahesabiwa kurasa mbili, usije ukamlaumu kijana wa dukani bure.

Kwa kaunta hiyo hiyo unajua kiasi gani kinatakiwa kwa mwezi. Kodi ya fremu 100,000, malipo ya msaidizi 150,000, intaneti na mengineyo 80,000: jumla 330,000. Ukigawanya kwa faida ya 66 kwa kopi ni kurasa 5,000, karibu 192 kwa siku kwa siku 26 za kazi, kabla hujahesabu kuchapa, laminesheni na picha. Ikiwa kaunta inaonyesha 120 kwa siku mwezi wa pili mfululizo, hamia karibu na shule au ofisi ya kata, au tafuta kazi ya kuchapa zaidi, kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine.